Dawa za Akiba: Barua ya Mfamasia na Saini ya Daktari

"YAH: KUDHIBITI MATUMIZI YA ANTIBIOTIKI ZA AKIBA. Husika na kichwa cha habari hapo juu." Barua za aina hii katika hospitali za Tanzania huanza hivyo: karatasi moja yenye muhuri wa idara ya famasia, nakala kwa mganga mfawidhi, imebandikwa kwenye ubao wa wodi kando ya ratiba ya zamu. Aya ya kwanza inasema usugu wa vimelea umepanda. Ya pili inataja dawa tatu au nne ambazo kuanzia tarehe fulani hazitatoka stoo bila saini ya daktari bingwa. Ya tatu inashukuru kwa ushirikiano. Miezi michache baadaye saini zinapatikana kwa wingi, vichupa vinatoka kwa kasi ileile ya zamani, na karatasi imefunikwa na ratiba mpya.

Si kwamba mfamasia amekosea kuandika. Yeye ndiye anayeona kwa jicho moja kile ambacho wodi kumi zinaona vipande vipande: seftriaksoni inaandikiwa karibu kila anayelazwa, na pale inaposhindwa, meropenemu inashika nafasi yake. Tatizo liko katika mahali ambapo barua nyingi huweka kizuizi. Zinazuia dozi ya kwanza, ambayo daktari ana sababu ya kweli ya kuihitaji haraka, kisha zinaiacha dozi ya kumi na mbili ipite bila mtu kuuliza lolote. Barua ikigeuzwa, dozi ya kwanza ikaachwa na maswali yakahamia siku ya tatu, mambo hubadilika sana. Lakini kabla ya kufika hapo, kuna kazi mbili ambazo mfamasia anatakiwa awe amezimaliza mezani kwake.

Ya kwanza ni orodha. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liligawa antibiotiki katika makundi matatu, na limekuwa likiyarekebisha tangu wakati huo. Kundi la kwanza ni la dawa zinazofaa kuanza nazo na zinazopaswa kupatikana kila mahali: amoksilini, ampisilini, jentamaisini, amikasini. La pili ni la uangalizi, kwa dawa ambazo zikitumika ovyo huzaa usugu haraka: seftriaksoni, siprofloksasini, vankomaisini. La tatu ndilo la akiba, dawa za kutumiwa pale nyingine zote zinaposhindwa: kolistini, taijesaiklini, linezolidi, na mchanganyiko wa seftazidimu na avibaktamu.

Meropenemu haimo katika kundi la tatu. Iko katika lile la uangalizi, pamoja na seftriaksoni. Kwa hiyo mfamasia anayenakili orodha ya kimataifa na kufungia kundi la akiba peke yake atakuwa amefungia dawa ambazo hospitali nyingi za mikoa hazinazo kabisa, huku akiiacha huru ile inayoandikwa kila siku. Tena atakuwa amegusa linezolidi, ambayo katika nchi zetu ni mhimili wa matibabu ya kifua kikuu sugu. Kliniki ya kifua kikuu ikikwama kwa sababu ya waraka wa kudhibiti maambukizi ya wodini, aliyeumia ni mgonjwa asiyehusika hata kidogo. Orodha inayofaa basi ni ya hospitali yenyewe: meropenemu na kolistini juu, vankomaisini pale inapostahili, na sentensi moja inayosema wazi kwamba linezolidi ya mpango wa kifua kikuu haiguswi.

Kazi ya pili ni takwimu, na hapa ndipo barua nyingi hujimaliza zenyewe. Daktari bingwa wa upasuaji akisoma "usugu dhidi ya meropenemu umefika asilimia 30", swali lake la kwanza litakuwa: asilimia 30 ya nini?

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye namba za kawaida za maabara ya hospitali ya rufaa. Kitabu cha maabara kinaonyesha kwamba katika miezi sita bakteria aina ya klebsiela waliota kwenye sampuli 60, na 18 kati yao walikuwa sugu kwa meropenemu. Hiyo ni asilimia 30 kamili. Lakini ukipitia majina unakuta kwamba sampuli hizo 18 zimetoka kwa wagonjwa 7 tu. Wawili kati yao walikuwa wodi ya wagonjwa mahututi kwa wiki nyingi, na kila damu, mkojo na usaha uliochukuliwa kwao ulirudi na jibu lilelile. Kanuni ya kuandaa ripoti ya usugu inataka ihesabiwe sampuli ya kwanza tu ya kila mgonjwa, na inatahadharisha dhidi ya kutoa asilimia pale sampuli zinapokuwa pungufu ya 30. Ukifuata kanuni hiyo, zile 60 zinakuwa wagonjwa 40, na sugu ni 7: asilimia 17 na nusu. Miezi sita iliyotangulia walikuwa 4 kati ya 35, kama asilimia 11. Je, umepanda? Pengine. Tofauti ya wagonjwa watatu inaweza pia kuwa bahati tupu.

Kuna upotofu mwingine uliojificha zaidi. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki sampuli ya kuotesha haichukuliwi mgonjwa anapolazwa. Inachukuliwa siku ya tano au ya saba, baada ya seftriaksoni kushindwa, na mara nyingi ni kwa yule ambaye ndugu zake wanaweza kuilipia. Maabara basi inawaona walioshindikana tu. Waliopona kwa dawa za kawaida hawamo katika kitabu chake. Asilimia ya usugu inayotoka humo ni ya kweli kwa kundi hilo, lakini si picha ya wodi nzima. Mfamasia anayelisema hili mwenyewe ndani ya barua yake, kabla hajaulizwa, anasikilizwa zaidi kuliko anayepiga mbiu kwa namba kubwa.

Jambo la tatu la kuangalia katika kitabu hichohicho ni kama usugu una sura ya mlipuko. Ikiwa wale saba wote walikuwa wodi ya watoto wachanga, katika majuma manne, na klebsiela wao ana orodha ileile ya dawa anazozishinda, uwezekano mkubwa ni kwamba bakteria mmoja anasafiri kwa mikono ya wahudumu, kwa mashine ya kufyonza makohozi au kwa chupa ya dawa inayochomwa sindano mara nyingi. Waraka wa kudhibiti meropenemu hautamzuia huyo. Kinachomzuia ni maji, sabuni, kipukusi cha mikono na kuacha kutumia chupa moja kwa watoto wengi. Lakini ikiwa wametapakaa wodi nne, na aina za bakteria ni mbalimbali, hapo ndipo shinikizo la dawa linapohusika zaidi, na hapo ndipo barua ina kazi.

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu barua za namna hii kilitokea Queens, jijini New York. Katikati ya miaka ya 1990 hospitali moja huko ilisumbuliwa na klebsiela sugu kwa seftazidimu, dawa ya ukoo mmoja na seftriaksoni. Bakteria hao hutengeneza kimeng'enya kinachovunjavunja dawa za kundi la sefalosporini kabla hazijafanya kazi. Uongozi ukachukua hatua ya ujasiri: mwaka 1996 kundi zima la sefalosporini likafungiwa isipokuwa kwa matumizi machache yaliyotajwa, na mengine yote yakahitaji kibali. Matumizi yakashuka kwa asilimia 80 ndani ya mwaka mmoja. Klebsiela sugu kwa seftazidimu wakapungua kwa asilimia 44. Kwa barua ya kudhibiti dawa, ni vigumu kuomba ushahidi mzuri kuliko huo.

Ila madaktari hawakuacha kutibu. Walipokosa sefalosporini waligeukia imipenemu, ndugu wa meropenemu, na matumizi yake yakazidi maradufu. Mwaka huohuo bakteria mwingine, sudomonasi, akapanda: waliokuwa sugu kwa imipenemu waliongezeka kwa karibu asilimia 69. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, na tahariri iliyoambatana nayo ikaita hali hiyo kubana puto: unakandamiza upande mmoja, hewa inavimba upande wa pili.

Wako wanaokitumia kisa cha Queens kusema kwamba kufungia dawa hakufai. Hilo ni kukisoma nusu. Kinachoonekana pale ni kwamba mahitaji ya dawa iliyofungiwa yalihamia kwa dawa nyingine, na hospitali ikashinda kwa kipimo ilichokuwa inakipima tu. Barua ya leo inayosema "meropenemu isitumike bila kibali" na kuishia hapo inarudia jambo lilelile. Madaktari wataenda kwenye kolistini, kwenye siprofloksasini, au watachanganya dawa tatu dhaifu kwa matumaini. Kwa hiyo kila mstari wa kuzuia unadai mstari wa pili: badala yake, kwa ugonjwa huu, tumia hii, kwa dozi hii, na iko stoo.

Maneno hayo ya mwisho, "iko stoo", ndiyo mtihani wa mfamasia mwenyewe. Mzigo wa ampisilini na jentamaisini usipofika kutoka Bohari ya Dawa, wodi ya watoto haina la kufanya ila kuanza na seftriaksoni, na mtoto ambaye angetosheka na dawa za kundi la kwanza anaingia kwenye ngazi ya kupanda bila kosa la daktari yeyote. Mfamasia anayetaka wenzake wapunguze meropenemu aanze kwa kuahidi kwa maandishi kwamba dawa fulani tano za msingi hazitakatika, na zikikatika atatoa taarifa siku hiyohiyo. Barua isiyo na ahadi kutoka upande wa mwandishi ni amri tu, na hospitalini amri ya mfamasia kwa daktari bingwa haifiki mbali.

Sasa upande wa madaktari, ambao katika mijadala hii mara nyingi hutajwa kama wakosaji tu.

Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto wenye maambukizi ya damu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, waliochunguzwa mwaka 2001 na 2002. Kati ya watoto walioambukizwa bakteria wenye kile kimeng'enya cha kuvunja sefalosporini, asilimia 71 walifariki. Kwa wale ambao bakteria wao hawakuwa nacho, walifariki asilimia 39. Daktari mtarajali aliyewahi kumkabidhi mama mtoto aliyekufa siku ya tatu ya seftriaksoni hana haja ya kusoma namba hizo ili aogope. Akimwona mtoto mwingine mwenye homa, mapigo ya haraka na mikono ya baridi saa tisa usiku, ataandika dawa kali kuliko zote anazozijua. Nani atamlaumu?

Tena sayansi inamwunga mkono kwa sehemu. Mwaka 2018 jaribio la kimataifa lililoitwa MERINO lilitoa majibu yaliyowashtua wengi. Wagonjwa waliokuwa na E. koli au klebsiela sugu kwa seftriaksoni katika damu waligawanywa: wengine wakapewa meropenemu, wengine piperasilini na tazobaktamu, dawa iliyotarajiwa kuwa mbadala wa kuiokoa meropenemu. Ndani ya siku 30 walifariki asilimia 3.7 ya waliopata meropenemu, na asilimia 12.3 ya wale wengine. Wahusika walikuwa wametarajia mbadala uwe sawasawa, na haukuwa. Mgonjwa mwenye bakteria wa aina hiyo kwenye damu anastahili meropenemu, na barua inayomnyima kwa sababu ya kubana matumizi inamgharimu maisha.

Ndiyo maana suala la lini kuuliza ni zito kuliko la nani atie saini. Mgonjwa anapoingia kwenye mshtuko kutokana na maambukizi, mwongozo wa kimataifa unataka antibiotiki iingie mshipani ndani ya saa moja. Kama saa hiyo itaisha kwa kumtafuta bingwa ambaye simu yake haipatikani, kizuizi kimeua. Tathmini kubwa ya mtandao wa Cochrane iliyotoka mwaka 2017 ilikusanya tafiti 221 za namna ya kuboresha matumizi ya antibiotiki hospitalini. Ilionyesha kwamba hatua hizi hufanya kazi: muda wa kutumia dawa ulipungua kwa takriban siku mbili kwa mgonjwa, na vifo havikuongezeka. Lakini ilitaja pia kwamba njia za kuzuia zina madhara yake, kama kuchelewesha tiba na kuvunja uaminifu kati ya timu ya maambukizi na madaktari wa wodi.

Uaminifu ukivunjika, watu hutafuta upenyo. Katika hospitali moja ya chuo kikuu huko Pennsylvania, dawa zilizozuiwa zilihitaji kibali mchana hadi saa nne usiku. Baada ya hapo dozi iliweza kutolewa bila kuuliza. Watafiti walipochunguza maagizo, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007, waliona kwamba katika ile saa moja inayofuata saa nne usiku sehemu ya maagizo ya dawa zilizozuiwa ilikuwa kubwa kuliko saa nyingine. Madaktari walikuwa wanasubiri mlango ufunguliwe. Kwetu upenyo ni mwepesi zaidi: daktari anaandika dawa kwenye karatasi, ndugu wa mgonjwa anavuka barabara kwenda duka la dawa lililo mbele ya geti, anarudi na vichupa sita kwenye mfuko wa karatasi. Rejesta ya famasia ya hospitali inaonyesha matumizi yameshuka. Wodini hakuna kilichobadilika, ila bili imehamia kwenye mfuko wa familia. Barua nzuri basi inaagiza muuguzi aandike kwenye chati kila dozi inayochomwa, hata iliyonunuliwa nje, na mfamasia ahesabu kutoka kwenye chati, asitegemee rejesta ya stoo.

Tumfuate mgonjwa mmoja wa mfano ili utaratibu uonekane. Ni mzee wa kilo 60, amelazwa kwa tezi dume, ana mpira wa mkojo kwa wiki mbili. Siku ya nne ya seftriaksoni anapata homa na kutetemeka, mkojo mzito. Presha inashuka kidogo. Daktari wa zamu anataka meropenemu, na chini ya barua iliyogeuzwa anaipata papo hapo, kwa masharti mawili: damu na mkojo vichukuliwe kwa ajili ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza, na sababu iandikwe kwenye chati kwa maneno, si kwa alama ya vyema. Mkojo usichukuliwe kwenye mfuko, bali kwenye mpira mpya baada ya ule wa zamani kuondolewa. Wa zamani una bakteria wake ambao huenda hawahusiani na homa. Famasia inatoa gramu 1 kila saa 8 kwa siku mbili. Hivyo ni vichupa sita, basi. Havitolewi ishirini na moja vya wiki nzima.

Hapo ndipo kizuizi halisi kinapokaa. Kichupa cha saba hakitoki hadi mtu apitie faili. Mfamasia anafika wodini asubuhi ya siku ya tatu, kwenye raundi, akiwa na jibu la maabara mkononi au na habari kwamba halijatoka. Kwa mzee wetu limetoka: damu haikuota kitu, mkojo umeota E. koli sugu kwa seftriaksoni lakini anayekufa kwa amikasini. Homa imeshuka, presha imerudi. Maambukizi yako kwenye mfumo wa mkojo, na amikasini hukusanyika kwa wingi kwenye figo na mkojo. Kreatinini yake ni ya kawaida. Mazungumzo ni mafupi: meropenemu isimamishwe, amikasini ianze kwa miligramu 15 kwa kila kilo, yaani miligramu 900 mara moja kwa siku, kreatinini ipimwe tena baada ya siku mbili au tatu kwa sababu dawa hii huumiza figo na masikio, na tiba ikome siku ya saba. Vichupa kumi na tano vya meropenemu vimebaki stoo.

Jibu lingekuwa tofauti, uamuzi ungekuwa tofauti. Kama damu ingeota bakteria huyohuyo, meropenemu ingeendelea, na mfamasia ndiye angekuwa wa kwanza kusema iendelee. Kama figo zingekuwa zimechoka, amikasini isingefaa. Na kama hakuna kilichoota na mzee amepona, swali lingekuwa gumu kuliko yote, kwa sababu daktari angesema amepona kwa ajili ya meropenemu, na mfamasia angejibu kwamba pengine amepona kwa kubadilishiwa mpira. Barua haiwezi kumaliza ubishi huo. Inachoweza ni kulazimisha ufanyike siku ya tatu badala ya kutofanyika kabisa.

Je, mfamasia wa kawaida, asiye bingwa wa maambukizi, anaiweza kazi hii? Afrika Kusini imejibu. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, hospitali 47 za kundi moja binafsi ziliwatumia wafamasia wao wa kila siku, wengi wao bila mafunzo ya ubingwa wa maambukizi. Hawakupewa mamlaka ya kukataa dawa. Walipewa mambo matano ya kutafuta kwenye chati: dawa iliyoanzishwa bila sampuli ya kuotesha, tiba iliyozidi siku 7, iliyozidi siku 14, mgonjwa mwenye antibiotiki zaidi ya nne kwa mpigo, na dawa mbili zinazofanya kazi ileile. Wakikuta mojawapo, walizungumza na daktari. Matumizi ya antibiotiki katika hospitali zote yalishuka kwa asilimia 18, kutoka dozi za siku 101 kwa kila siku 100 za wagonjwa hadi 83. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yanaonyesha kwamba maswali machache yasiyohitaji elimu ya juu ya bakteria yanatosha kufanya sehemu kubwa ya kazi. Yanaonyesha pia kitu ambacho barua za kwetu huficha: kila swali kati ya yale matano linahitaji mtu anayetembea wodini. Idara yenye wafamasia wawili, wote dirishani wakigawa dawa za wagonjwa wa nje, haiwezi. Aya ya kuomba mfamasia mmoja aondolewe dirishani kila asubuhi inastahili kuwa ndani ya barua, na anayepaswa kuijibu ni mganga mfawidhi.

Kolistini inataka aya yake, maana kwayo kosa la karani linaweza kuwa kosa la tiba. Ni dawa ya zamani, iliyoachwa kwa miaka mingi kwa sababu inaumiza figo, ikarudishwa pale meropenemu ilipoanza kushindwa. Kichupa kimoja huandikwa uniti milioni moja; kingine, kutoka kiwanda kingine, huandikwa miligramu. Uniti milioni moja ni kama miligramu 80 ukipima chumvi ya dawa, lakini ni kama miligramu 34 tu ukipima kolistini yenyewe, na viwanda havipimi kwa namna moja. Daktari akiandika "miligramu 300" bila kusema za nini, mgonjwa anaweza kupata dozi kamili ya kuanzia au chini ya nusu yake. Dozi hiyo ya kuanzia kwa mtu mzima ni uniti milioni 9, na njia salama ni hospitali nzima kukubaliana kuandika kwa uniti peke yake.

Kipimo chake nacho kina mtego. Maabara nyingi hupima usugu kwa vidonge vya karatasi vinavyowekwa juu ya sahani ya bakteria, kisha hupima duara lililobaki tupu. Kwa kolistini njia hiyo haiaminiki, kwa sababu dawa hii haisambai vizuri kwenye ute wa sahani. Jibu la kuaminika hupatikana kwa kuotesha bakteria ndani ya viwango mbalimbali vya dawa kwenye majimaji. Jibu la kidonge cha karatasi linalosema "kolistini inafaa" lisitumiwe kumpa mtu dawa inayoweza kumharibia figo. Kama maabara ya hospitali haina njia ya pili, barua ikiri hivyo na itaje ni maabara gani sampuli itapelekwa.

Kinachobaki ni kupima kama barua yenyewe inafanya kazi. Kipimo cha kawaida ni dozi za siku kwa kila siku 1000 za kulazwa. Kwa meropenemu, dozi ya siku ya mtu mzima imehesabiwa kuwa gramu 3. Wodi yenye vitanda 40 vilivyojaa mwezi mzima wa siku 30 ina siku 1200 za kulazwa. Ikitumia vichupa 180 vya gramu 1, hizo ni dozi za siku 60, sawa na 50 kwa kila siku 1000. Kwa watoto wachanga hesabu hii haifai, maana dozi zao ni ndogo mno. Kwao huhesabiwa siku ambazo mtoto alipewa dawa, bila kujali kiasi. Usugu wenyewe usitarajiwe kushuka ndani ya miezi mitatu, na hospitali yenye sampuli chache haitauona hata ukishuka.

Somo la Queens linataka namba nyingine ziwekwe kando ya hiyo: matumizi ya kolistini, amikasini na siprofloksasini katika miezi ileile, idadi ya sudomonasi sugu, na dakika zinazopita kati ya daktari kuandika dozi ya kwanza na muuguzi kuichoma. Mfamasia mwenye busara ataandika kabisa, mwishoni mwa barua, kiwango kitakachomfanya aiondoe mwenyewe: kwa mfano, dozi ya kwanza ikichelewa zaidi ya saa moja kwa mgonjwa yeyote kwa sababu ya utaratibu huu, au kolistini ikipanda huku meropenemu ikishuka, Kamati ya Dawa na Tiba iitishwe ndani ya wiki moja na utaratibu usimame hadi ikae. Miezi sita inatosha kwa majaribio, na tarehe ya kikao cha kuupitia itajwe kwenye barua ileile, chini ya saini na juu ya orodha ya nakala.